Mabuyu ya langoni na gego la miaka sita

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama nyuma ya gwaride la Jumatatu katika shule moja ya msingi ya serikali huku kwetu Likoni, upande wa kwenda Mtongwe. Sikualikwa. Nilikwenda kuulizia nafasi ya mtoto wa ndugu yangu, na Mwalimu Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti isiyohitaji spika, akaniambia, "Ningoje kidogo, kaka, nina maneno na hawa wanangu." Nikangoja chini ya mwarobaini. Maneno yenyewe hayakuzidi dakika 20, lakini mimi nimekaa nayo mpaka leo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa hakusema yale yanayosemwa siku zote. Ya pili ni kuwa mamangu, Mungu amrehemu, alitusomesha sote watano kwa ndoo ya mabuyu.

Wenye watoto mnajua kinachouzwa langoni. Kuna mabuyu mekundu kwenye vijifuko vya shilingi 5 na 10, achari ya embe, peremende za moja moja, lolipopi, barafu za rangi, krips za mihogo na viazi karai. Kwa kawaida mwalimu akisimama kuzungumzia vitu hivi husema "msinunue, ni vibaya", watoto huitikia "ndiyo Mwalimu", na kengele ikilia hukimbilia langoni. Huyu alianza kwa yai.

Yai lilikuwa ndani ya bilauri ya siki. Alisema alilitia Ijumaa jioni kabla ya kwenda nyumbani. Akalitoa kwa kijiko, akalisugua taratibu kwa kidole, na lile ganda lililobaki likatoka kama chokaa ya ukuta uliolowa. Lilibaki yai laini, linalobonyea, limeshikwa na ngozi nyembamba tu. Watoto wa mbele wakapiga kelele. "Hakuna aliyelipiga nyundo," akasema. "Ni ukali wa siki tu, siku 3. Sasa niambieni, kinywani mwenu siki hutoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoona huyu mwalimu amejiandaa. Wengi wetu tumelelewa na habari ya mdudu wa jino, kwamba kuna kijidudu kinachotoboa jino kama fukusi anavyotoboa ubao. Ndiyo maana zamani watu walifukizia jino moshi wamtoe. Mwalimu aliwaambia watoto kuwa wadudu wapo, ila hawaonekani kwa macho na hawatoboi kitu. Wao ni bakteria wanaoishi ndani ya ule ukoga unaoshika kwenye meno, ule unaoweza kuukwangua kwa ukucha asubuhi. Mtoto akila sukari, nao wanakula, na wakishakula hutoa asidi, yaani ukali kama wa siki. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino, kidogo kidogo.

Mtoto mmoja akauliza kama meno yake yatalainika kama yai. Mwalimu akacheka, akasema hapana, na hakumdanganya. Ganda la yai ni chokaa, nayo huyeyuka upesi. Jino limejengwa kwa madini magumu zaidi, tena mate humsaidia mwenyewe, kwani huzimua ile asidi na kurudisha madini yaliyotoka. Jino haliozi kwa peremende moja. Huoza pale linapopotezewa madini mara nyingi kuliko mate yanavyoweza kurudisha, na hilo huchukua miezi.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha hotuba yote. Tangu miaka ya 1940, kutokana na kazi ya Mmarekani mmoja aliyeitwa Robert Stephan, wataalamu wamejua jinsi ukali wa kinywa unavyopanda na kushuka. Ukila kitu chenye sukari, ndani ya dakika chache tu ukoga unakuwa mkali kiasi cha kuanza kuyeyusha jino. Ukimaliza kula, ukali hauondoki hapo hapo. Mate huchukua kama nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kuurudisha mahali pake. Kwa hiyo kwa jino, swali kubwa si sukari ngapi tu. Swali ni mara ngapi, na inakaa kinywani kwa muda gani.

Sasa chukua mabuyu. Msichana wa Gredi ya 4 aliinua mkono akasema, "Mwalimu, lakini mabuyu ni matunda." Watoto wote wakageuka kumtazama mwalimu, maana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwao. Na ni kweli, mabuyu ni tunda. Ule unga mweupe mchachu ulioganda juu ya kokwa, kabla haujaguswa na mtu, una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito ule ule, na una nyuzinyuzi na madini ya kalisi. Mbuyu si mti wa kudharauliwa, na sisi tuliokulia chini ya mibuyu ya Likoni tunalijua hilo bila kufundishwa.

Lakini mabuyu ya langoni hayakutoka mtini namna ile. Mimi nimeyapika, kwa hivyo naweza kusema. Mamangu kwa vikombe 4 vya mabuyu alikuwa akitia vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji. Maji na sukari vinachemka na rangi nyekundu, hiliki, pilipili ya unga kidogo, mpaka sukari inaanza kuvuta nyuzi kwenye mwiko. Ndipo yanamwagwa mabuyu na kukorogwa mfululizo, mkono usisimame, mpaka sukari ikaukie juu ya kila kokwa na sufuria isikike ikigonga kama kokoto. Ukichelewa yanashikana bonge moja, ukiyawahi yanabaki na maji. Vitamini C haipendi moto, kwa hivyo nyingine inapotea hapo. Kinachobaki ni kokwa lililovikwa sukari, likaongezewa uchachu wake lenyewe, ambao nao ni asidi.

Tena tazama linavyoliwa. Kokwa la mabuyu halitafunwi, linamumunywa. Mtoto analiweka shavuni, analigeuza kwa ulimi, linakaa dakika 4 au 5, analitema, anachukua jingine. Mwalimu aliwapigia hesabu kwenye ubao mdogo aliokuja nao, na ninaileta hapa kama nilivyoiona.

Kijifuko cha shilingi 10 alikihesabu mwenyewe, kilikuwa na kokwa 16. Mtoto wa kwanza anakinunua saa 2 kasorobo asubuhi anapoingia, anakificha kwenye mfuko wa kaptura, na kila nusu saa anatia kokwa moja au mawili kinywani, darasani kwa siri na mapumzikoni kwa uwazi, mpaka saa 6 na dakika 40 wakati wa chakula. Kila mate yanapokaribia kumaliza kazi, kokwa jingine linaingia. Kinywa chake kimekuwa kikali karibu saa 5 mfululizo. Mtoto wa pili amenunua kijifuko kile kile, kwa pesa ile ile. Huyu anakula chakula chake cha mchana, anayamaliza mabuyu yote hapo hapo kwa robo saa, anasukutua kwa maji na kuyameza. Kinywa chake kimekuwa kikali labda saa moja na kidogo.

"Sukari ni ile ile," akasema Mwalimu. "Nani ataumwa na jino?"

Sijawahi kusikia mwalimu mkuu akiwaambia watoto namna bora ya kula mabuyu badala ya kuwakataza. Nilipomuuliza baadaye ofisini, alijibu kuwa amekuwa akikataza kwa miaka 11 na hajaona kijifuko kimoja kikipungua kwenye ua wakati wa kufagia.

Jambo hili la mara ngapi lilithibitishwa kwa njia ya kuhuzunisha. Huko Uswidi, karibu na mji wa Lund, kulikuwa na hospitali iliyoitwa Vipeholm, ya watu wenye ulemavu wa akili. Kuanzia 1945 serikali iliruhusu wagonjwa wale watumiwe kujua kama kweli sukari huozesha meno. Wengine walipewa sukari nyingi lakini pamoja na chakula, ndani ya vinywaji, na meno yao hayakuharibika sana. Wengine walipewa tofi, zilizotengenezwa makusudi ziwe kubwa na za kunata, wazile kati ya mlo na mlo, hata 24 kwa siku. Meno ya hao yaliharibika vibaya sana. Hawakuulizwa kama wanakubali, na wengi hawakuweza kukubali wala kukataa. Leo jaribio lile hutajwa pia kama mfano wa yale ambayo watafiti hawapaswi kumfanyia binadamu. Lakini matokeo yalijulikana, na Waswidi wakajiwekea desturi ya peremende za Jumamosi, mtoto anazila siku moja kwa juma, anamaliza, basi. Tofi ya kunata kati ya mlo na mlo, na kokwa la mabuyu shavuni kati ya somo na somo, mimi sioni tofauti yake.

Sasa niseme kwa nini hotuba hii ilinishika koo. Binti yangu alipokuwa na miaka 9 alianza kulia usiku na shavu lake la kushoto likavimba. Nilimtazama kinywani kwa tochi ya simu, nikaona gego la nyuma, chini, lina tundu jeusi ambalo ncha ya kalamu ingeingia. Nikamtuliza mamake. Nikasema ni meno ya utotoni haya, litang'oka lenyewe, litaota jingine. Daktari wa meno alipolitazama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Baba, hili halina jingine." Lilikuwa limekwisha oza mpaka kwenye mzizi, na kwa pesa tulizokuwa nazo siku hiyo, likang'olewa. Ana miaka 14 sasa na hutafunia upande mmoja.

Kosa lile nimegundua si langu peke yangu. Watoto wanapofika miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya meno yote ya utotoni. Haling'oki jino lolote kulipisha. Halitokezi kwa sherehe kama meno ya mbele, yale yanayong'oka na mtoto kuyatupa juu ya paa. Linaota kimya, mzazi hana habari, akiliona hudhani ni moja ya yale ya zamani. Na lina mifereji mirefu juu yake ambamo ukoga hujificha, nalo likiwa changa madini yake hayajakaza. Kwa hiyo linaota wakati ule ule mtoto anapoanza shule na kushika shilingi 10 yake ya kwanza.

Kulitambua ni rahisi. Mkalishe mtoto mlangoni penye mwanga, afungue kinywa, uhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma, upande mmoja: la kwanza, la pili, la tatu ambalo ni chonge, la nne, la tano. La sita, likiwapo, ndilo hilo. Yako 4, mawili juu, mawili chini. Futa kwa kitambaa safi lipate kukauka, kisha tazama. Doa jeupe kama la chokaa, hasa karibu na ufizi, maana yake madini yameanza kutoka lakini ngozi ya jino haijapasuka. Hapo bado linaweza kurudi, kwa kupunguza mara za sukari na kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi asubuhi na usiku, bila kusukutua sana baada ya kutema. Doa la kahawia linalokwaruza, au mstari mweusi ndani ya mifereji ambao haufutiki, mpeleke kwa daktari bila kungoja maumivu, aangalie kama linahitaji kuzibwa. Likianza kumwamsha mtoto usiku, umechelewa. Mswaki wa mti wa asili yetu husafisha vizuri mkono ukijua kuutumia, ila mtoto wa miaka 6 haufikishi kule nyuma, na hauna kiasi cha floraidi kilicho katika dawa. Atumie vyote viwili.

Turudi gwarideni. Baada ya mabuyu, Mwalimu alitoa chupa ya soda ya mililita 300 na bakuli la sukari, akampa mvulana mmoja kijiko cha chai ahesabu huku akimimina kwenye bilauri tupu. Vilifika 7, akaongeza nusu. Kiasi hicho, gramu 30 hivi, ndicho kilichomo kwenye soda ya kawaida. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu mtu anayopata kwa chakula cha siku, na ingekuwa bora isizidi nusu ya hapo. Kwa mtoto wa miaka 8 hivi, kile kiasi bora ni kama vijiko 5 tu kwa siku nzima. Na wengi wetu tumeshamtilia viwili kwenye chai ya maziwa kabla hajavaa viatu, na mahamri nayo hayakukosa sukari.

Kisha akaja kwenye kile wanachoweza kununua, na hapa nilimpenda zaidi kwa sababu alizungumza kwa shilingi 20, pesa ambayo mtoto wa Likoni anaweza kuwa nayo, si kwa vyakula vya kwenye picha. Alikuwa ametembea langoni siku iliyotangulia na kuuliza bei. Shilingi 20 asubuhi ile ilitosha ndizi mbivu moja na kijifuko cha njugu, au chungwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, au ukiongeza shilingi 10 yai la kuchemsha na kachumbari. Akawaambia tunda walichague lenye ganda lake, ndizi na chungwa, wamenye wenyewe. Embe na tikiti lililokatwa tangu asubuhi likakaa wazi, kisu na maji yaliyotumika hawayajui, na kuharisha kunamtoa mtoto darasani upesi kuliko jino. Njugu, akasema, wadogo wa chekechea wasipewe nzima, huwapalia. Krips hakuzisifu ingawa si tamu, kwa sababu unga wake huganda kwenye mifereji ya magego, na wale bakteria hawachagui, wanga nao huwalisha.

Mvulana akauliza, "Na tende je, Mwalimu?" Nikaona walimu wawili wakitabasamu. Akajibu kuwa tende ni chakula, ina nyuzinyuzi na madini, lakini hunata. Iliwe na mlo au wakati wa kufuturu, kisha maji. Isiwekwe mfukoni ikatafunwa mchana kutwa. Jibu zuri. Mimi ningeongeza kuwa hata tunda lenye sukari ya asili likiwa zima, sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda, mtoto hutafuna, mate hutoka mengi, linapita. Ukilikamua ukatia sukari, ukamimina kwenye mfuko wa kunyonya kwa kona, umefungua kifungo hicho.

Gwaride lilipovunjika nilitoka langoni. Bibi mmoja anauza pale tangu mimi sijaoa, kiti chake cha mbao, meza yenye mitungi mitatu ya plastiki, na sinia ya achari. Alikuwa amesikia yote kupitia ua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Sasa niuze nini, hewa?"

Nikasema Mwalimu hakukataza mabuyu. Akasema amesikia hivyo, lakini amesikia pia ndizi. Akanieleza biashara yake kwa njia ambayo sikuipata katika maelezo yoyote ya afya niliyowahi kusoma. Mtungi wa peremende usipouzika leo, utauzika Alhamisi, na ukibaki hadi muhula ujao bado ni peremende. Mabuyu yaliyopikwa vizuri, mfuniko ukikazwa, hukaa wiki kadhaa. Ndizi akinunua mkungu Jumatatu, Jumatano zina madoa, Ijumaa ni za kuku. Shule ikifungwa ghafla kwa mvua au kwa mkutano wa walimu, hasara ni yake. Na mtoto mwenye shilingi 5 anaweza kununua peremende, lakini hawezi kununua nusu ya chungwa.

Nikamuuliza kwa nini asipunguze sukari na rangi kwenye mabuyu. Akanitazama kama mtu asiyejua kupika. "Sukari ikipungua haishiki kwenye kokwa, inabaki unga, mkononi unatoka." Nalijua hilo, mamangu alilisema kwa maneno hayo hayo. Kuhusu rangi, alijaribu siku za nyuma kuyapika meupe, kwa hiliki tu. Watoto waliyaonja na kukiri ni matamu, kisha wakanunua mekundu kwa jirani. Raha yao ni kutoleana ulimi mwekundu. Nikamwambia kuwa huko Ulaya, baada ya utafiti wa 2007 uliofanywa Southampton juu ya baadhi ya rangi na utulivu wa watoto, tangu 2010 vyakula vyenye rangi zile lazima viandikwe onyo. Akasema, "Huko wanajua kusoma pakiti. Haya yangu hayana pakiti." Sikuwa na jibu. Ila nilimwomba walau atumie rangi ya chakula iliyofungwa dukani yenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora, si ile ya unga inayopimwa kwa kijiko ambayo hata muuzaji haijui ilikotoka. Hilo alikubali.

Watu wengine wataniuliza kwa nini vibanda hivi visiondolewe tu. Mamlaka ya mwalimu mkuu yanakomea langoni. Nje ni barabara, ni ya kaunti, na muuzaji anayelipa ada yake na mwenye cheti cha afya cha washika chakula ana haki ya kukaa. Sera ya kitaifa ya afya shuleni tunayo tangu 2009, lakini nguvu yake iko ndani ya ua. Wakorea Kusini waliamua kwa sheria ya 2008 kuwa mita 200 kuzunguka shule ni eneo la uangalizi maalumu wa vyakula vinavyouzwa watoto, lakini waliweka na wakaguzi wa kulitembelea. Sisi tukiiga mita bila wakaguzi tutapata askari wa kaunti akimwaga mabuyu ya bibi kizee, na wiki ijayo mtoto atanunua peremende zile zile dukani mita 300 mbele, ng'ambo ya barabara ya matatu. Nimeyaona yakimwagwa mara moja nikiwa mdogo. Mama aliyaokota moja moja, akayaosha, na hakuuza tena yale, tuliyala sisi.

Mwalimu Mkuu alifanya jambo jingine. Alhamisi ile ile aliwaita wauzaji wanne wa langoni ofisini, akawapa chai, akazungumza nao. Wakakubaliana yafuatayo, kwa majaribio ya muhula mmoja. Walimu wa madarasa wataulizia Jumatatu ni watoto wangapi hivi watanunua ndizi juma hilo, ili bibi ajue anunue mkungu au nusu mkungu. Zitauzwa mapumziko ya pili. Zikibaki siku ya tatu, walimu wenyewe wanazichukua kwa bei ya kununulia. Njugu zifungwe za shilingi 5. Na mabuyu na peremende visiuzwe asubuhi wakati wa kuingia wala mapumziko ya kwanza, mpaka kengele ya chakula cha mchana. Hilo la mwisho ndilo lililoleta mabishano, kwa sababu asubuhi ndipo pesa ziko mikononi. Muuzaji mmoja, kijana wa barafu, alikataa na kuondoka. Watatu walikubali.

Nimepita mara tatu tangu hapo. Juma la kwanza ndizi zilibaki 12, na walimu wakazichukua kama walivyoahidi, mmoja akinung'unika. Juma la pili zilibaki 5. Kijana wa barafu amehamia kona ya msikiti na ana wateja wake wale wale. Bibi anasema mabuyu yameshuka kidogo asubuhi lakini mchana yanaenda haraka kuliko zamani, na njugu za shilingi 5 zimemshangaza, kwa siku moja aliishiwa. Juu ya meno ya watoto hakuna awezaye kusema kitu sasa hivi, jino haliozi wala haliponi kwa wiki tatu. Mwalimu ameomba wahudumu wa afya waje muhula ujao kuhesabu magego ya sita ya Gredi ya 1 na ya 2, yenye matundu na yasiyo nayo, halafu warudi mwaka unaofuata wahesabu tena.

Jana nilifika saa 2 kasoro dakika 10. Kitoto cha Gredi ya 2, shati limetoka nje, kilikuwa kimenyoosha shilingi 10 juu ya meza kuelekea mtungi mwekundu. Bibi aliipokea ile pesa, akafunga kijifuko kwa fundo, akakiweka pembeni juu ya kipande cha boksi alichoandika jina la mtoto kwa kalamu ya makaa.

"Yako hii," akamwambia. "Ukishakula wali, njoo uichukue."

Mtoto akasimama pale akikitazama kijifuko chake, kisha akauliza kama anaweza kupewa kokwa moja tu sasa hivi. Bibi akampa ndizi ndogo, ya bure, akamfukuza darasani.